Jina la sokoni, kiapo, na hati ya kubadili jina: vitu vitatu tofauti, usivichanganye

Leo naongelea majina. Najua utasema "jina nalo lina shida gani, si jina tu?" Hata mimi nilikuwa nasema hivyo mpaka shilingi 3,120,000 zangu zikakwama wiki tano kwa sababu ya jina. Kaa hapa nikueleze yalivyonikuta, ili yasikukute wewe. Majina nitakayoyaweka ni ya mfano, lakini mambo yenyewe ndo yalivyokuwa.

Mimi nauza nafaka Morogoro mjini, mchele zaidi, naufuata Ifakara. Sokoni hakuna anayenijua kwa jina langu, mimi ni Mama Salma tu. Kitambulisho cha Taifa kinasema Mwanahawa Juma Kombo. Akaunti ya benki niliifungua zamani kabla sijawa na namba ya NIDA, nikatumia kadi ya mpiga kura iliyoandikwa Hawa J. Kombo. TIN nikaja kuikata baadaye kwa NIDA, kwa hiyo ina Mwanahawa. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza kitu, maana biashara ya mezani ni mkono kwa mkono.

Halafu nikapata shule moja ya bweni. Magunia 12 ya kilo 100, kilo shilingi 2,600. Nikapeleka mzigo, nikaandika ankara kwa jina la "Mama Salma Nafaka", chini nikaweka namba ya akaunti. Siku ya malipo mhasibu akanipigia. Akasema, "Mama, ankara ina jina moja, akaunti ina jina lingine, TIN nayo ina la tatu. Nikimlipa huyu, mkaguzi akija ataniuliza nimemlipa nani." Nikamwambia, "Mwanangu, wote hao ni mimi." Akanijibu kwa upole, "Najua, mama. Lakini karatasi haijui."

Wale wa Ifakara walikuwa wameshanipa mchele kwa mali kauli, wanasubiri hela yao. Ikabidi nikope.

TUANZE NA JINA LA SOKONI

Mama Salma, Baba Chapati, Mangi, Mzee wa Viatu, Kipara. Haya ni majina ya kuitwa. Kwa sheria, kuitwa hivyo sio kosa, na huhitaji karatasi yoyote ili watu wakuite. Hata mahakama zetu zinayatambua. Ukisoma hukumu za Tanzania utaona jina la mtu, kisha alama ya @, kisha jina la mtaani, mfano "Juma Hassan @ Kipara". Ile alama inasema tu kwamba huyu Juma Hassan ndiye huyo huyo watu wanamwita Kipara. Haisemi kwamba jina lake limebadilika. Ukiifuta, Juma anabaki Juma.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani ukitumia jina miaka 15 na mji mzima ukalijua, basi limekuwa jina lako rasmi. Haliwi. Benki, TRA na mwenye fremu wanafuata jina lililoko kwenye kumbukumbu za serikali, na muda hausogezi jina kutoka sokoni kwenda huko. Mkataba wa fremu ukiandikwa "Mama Salma" peke yake, siku ya ugomvi utaanza kwanza kuthibitisha kwamba wewe ndiye huyo Mama Salma. Ni kazi ambayo ungeiepuka kwa kuandika majina yako ya NIDA, kisha ukaongeza "maarufu kama Mama Salma".

Kitu cha kuogopa ni kimoja. Ukilitumia jina lingine ili mtu asikujue, kwa mfano umeshindwa mkopo huku ukaenda kukopa kule kwa jina jipya, hapo sio jina la utani tena. Huo ni udanganyifu, na ni kesi ya jinai.

KIAPO: KINAELEZA, HAKIBADILISHI

Nilipokwama, mwenzangu akaniambia, "Kata kiapo tu, yataisha." Kiapo ndo ile hati wengine wanaita afidaviti. Nikaenda kwenye kibanda cha kuchapa, kijana akaniandikia kwa shilingi 5,000, tena karatasi ikiwa na muhuri wa mwanasheria tayari. Sikumwona mwanasheria wala hakuniona. Nikafurahi, nimeokoa hela.

Mhasibu akaisoma, akairudisha. Tarehe ya muhuri ilikuwa ya siku nne kabla sijafika pale kibandani. Yaani karatasi inasema niliapa siku ambayo nilikuwa Ifakara napakia mchele! Na kwenye majina walikuwa wameandika kwamba Mwanahawa, Hawa na "Mama Salma Nafaka" ni mtu mmoja. Akasema, "Mama, Nafaka ni mtu?"

Nikaenda kwa wakili wa kweli, nikalipa 30,000. Yule dada akanifundisha mambo ambayo nakupa hapa bure.

Kiapo ni maneno yako mwenyewe unayoyasema kwa kuapa, mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuapisha. Huyo anaitwa kamishna wa viapo. Mawakili wengi wanayo hayo mamlaka, na mahakimu pia wanayo. Unasaini mbele yake, sio nyumbani. Mwishoni kuna sehemu anayojaza yeye: mahali mlipoapia, tarehe, na kama anakufahamu mwenyewe au umetambulishwa kwake na mtu fulani. Kisha saini na muhuri wake. Sehemu hiyo ndo roho ya kiapo. Mahali au tarehe ikikosekana, au ikawa na uongo kama ya kwangu, karatasi yote ina ugonjwa. Na ukiapa uongo, anayeshtakiwa ni wewe, sio kijana wa kuchapa.

Kiapo changu cha pili, ukiondoa utangulizi, kilikuwa na mambo matatu tu:

1. Kwamba mimi ndiye niliyetajwa kwenye Kitambulisho cha Taifa kwa jina la Mwanahawa Juma Kombo.
2. Kwamba akaunti yangu ilifunguliwa kwa jina la Hawa J. Kombo, kwa kuwa wakati huo nilitumia kadi ya mpiga kura iliyoandikwa hivyo.
3. Kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, ambaye ni mimi.

Angalia namba 2. Inatoa sababu, na sababu hiyo inaweza kuonyeshwa kwa karatasi, maana ile kadi ya zamani ninayo na niliiambatisha. Kiapo kinachosema "ni mimi" bila kusema tofauti ilitoka wapi ni dhaifu. Kila anayekisoma atabaki na swali.

Sasa shika hili: kiapo kinaelezea jambo lililokwishatokea. Hakigusi kumbukumbu ya mtu yeyote. Nilipotoka kwa wakili, NIDA nilikuwa Mwanahawa na benki nilikuwa Hawa, vilevile. Kiapo ni ushahidi tu, na kila ofisi ina haki ya kukikubali au kukukatalia. Ndo maana nilikipeleka benki, wakapima alama za vidole, wakairekebisha akaunti isomeke Mwanahawa Juma Kombo. Hapo ndipo tatizo lilikufa. Bila hivyo ningekuwa natembea na kiapo mfukoni kila nikidai hela.

NA "MAMA SALMA NAFAKA" JE?

Hilo halikuhitaji kiapo wala kubadili jina. Lile ni jina la biashara, na majina ya biashara yana nyumba yake, BRELA. Ukifanya biashara kwa majina yako mwenyewe matupu, sheria haikudai kusajili jina la biashara. Ukianza kujiita kitu kingine, "Mama Salma Nafaka" au "Kipara na Wanawe", unatakiwa ulisajili. Nilifanya kwa mtandao, kwa namba yangu ya NIDA, jumla nililipa shilingi 20,000.

Unapata cheti, na kuna karatasi ya taarifa inayoonyesha mmiliki wa jina hilo ni nani. Hiyo karatasi ndo daraja. Mhasibu akiiona anasoma "Mama Salma Nafaka, mmiliki Mwanahawa Juma Kombo", TIN inasema Mwanahawa, akaunti inasema Mwanahawa. Kwisha. Hela ikaingia, na sikubadili jina langu hata herufi.

Ila usije ukadhani cheti cha BRELA kimekufanya kampuni. Jina la biashara ni nguo tu, aliyevaa ni wewe. Deni la Mama Salma Nafaka ni deni la Mwanahawa.

Tangu hapo kwenye ankara na mikataba naandika hivi: "Mwanahawa Juma Kombo, anayefanya biashara kwa jina la Mama Salma Nafaka." Sentensi moja, na hakuna aliyewahi kunirudishia karatasi tena.

KUBADILI JINA KWELI KWELI

Sasa kuna mtu ambaye kiapo hakimsaidii hata akate kumi. Kijana jirani yangu pale sokoni, anauza viatu vya mtumba. Alilelewa na mjomba wake, akaandikishwa shule kama mtoto wa mjomba. Kwa hiyo cheti cha darasa la saba, NIDA, TIN, laini ya simu, benki, vyote vinasema Rajabu Omari Lukali. Amekua, anataka jina la baba yake: Rajabu Shabani Mkude.

Akafuata ushauri wangu, akakata kiapo kwamba Lukali na Mkude ni mtu mmoja. Nilimpotosha, nakiri. Alipofika NIDA wakamuuliza, "Karatasi gani yako inasema Mkude?" Hakuna hata moja. Kiapo kinaunganisha majina mawili ambayo yote tayari yapo kwenye karatasi zako. Yeye alikuwa na jina moja tu, safi kabisa, na hakulitaka tena. Hiyo sio kusahihisha kosa. Ni kubadili, na kubadili kuna hati yake.

Mawakili wanaiita didi-poli. Sisi tuiite hati ya kubadili jina. Ni hati ya upande mmoja, sio mkataba wa watu wawili, maana ni wewe peke yako unayejifunga. Hata jina lake la Kiingereza limetoka huko: zamani hati ya pande mbili ilikatwa ukingo wa mawimbi ili nakala zilingane, na ya mtu mmoja ilikatwa ukingo ulionyooka. Ndani yake kuna mambo matatu: naacha kabisa jina la zamani, nachukua jina jipya kwa mambo yote, naomba watu wote waniite hivyo kuanzia sasa. Kama karatasi yako haina neno la kuliacha jina la zamani, hiyo sio hati ya kubadili jina, hata ikiwa na mihuri minne.

Na kuandikwa peke yake hakutoshi. Ya Rajabu iliandaliwa na wakili, akasaini mbele yake, ikalipiwa ushuru wa stempu, kisha ikapelekwa kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, upande wa Wizara ya Ardhi. Watu wanashangaa, "Ardhi na jina langu wapi na wapi?" Ni kwa sababu hati inasajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Nyaraka, Sura ya 117, na daftari lake linatunzwa huko. Ikirudi ina namba ya usajili na muhuri wa msajili. Hiyo namba ndo ofisi nyingine zinaitafuta. Hati iliyobaki na muhuri wa wakili tu ni safari iliyoishia njiani.

Wenzetu mnaotusoma kutoka Kenya, kwenu nako hati husajiliwa kwa Msajili wa Nyaraka, halafu tangazo hutoka kwenye Gazeti rasmi la Serikali. Weka nakala ya toleo hilo pamoja na hati yako.

ANZA WAPI UKISHAPATA HATI

Rajabu alianza benki, maana ndo ilikuwa jirani. Wakapima kidole, mfumo ukaleta Lukali kutoka NIDA. Wakamrudisha. Akaenda kwenye laini, hivyo hivyo. Siku nzima ikaisha bila viatu kuuzwa.

Kosa ni mpangilio. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole kupitia NIDA, na TIN pia inavuta majina huko. Kwa hiyo NIDA kwanza: unapeleka hati iliyosajiliwa, unajaza fomu ya kubadili taarifa, unalipia kwa kontroo namba, unasubiri mpaka mfumo usome jina jipya. Usiendelee kabla. Halafu TRA kwa ajili ya TIN, halafu BRELA na leseni, halafu benki na laini. Kama una kiwanja chenye hati, hicho nacho kinafuatiliwa huko ardhi peke yake. Hakuna ofisi itakayokubadilishia kwa niaba ya nyingine.

Mambo matatu yalimshangaza, na wewe uyajue mapema.

Kwanza, namba ya NIDA haibadiliki. Ni tarakimu 20 zile zile, nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Kwa hiyo anayedhani atabadili jina akimbie mkopo, asahau. Deni linafuata mtu, na mtu ni yule yule.

Pili, cheti cha darasa la saba kilibaki na Lukali. Hati haifuti yaliyopita, inasema tu kuanzia leo. Ukiombwa cheti unatoa viwili pamoja, cheti na hati. Ndo maana hati halisi haitembei mfukoni. Toa nakala, zithibitishwe na wakili, halisi ikae kabatini.

Tatu, kuna kipindi cha katikati ambapo NIDA ina jina jipya na benki bado ina la zamani. Rajabu alikuwa na malipo ya mteja yanakuja kipindi hicho hicho, yakagoma. Kama una hela kubwa unaisubiri au mkopo uko njiani, maliza kwanza ndipo uanze, na wanaokudai waambie.

JIPIME MWENYEWE

Kabla hujatoa hela kwa yeyote, panga karatasi zako zote mezani, soma jina moja moja, halafu jiulize swali moja: nataka nini kiwe tofauti?

Kama hutaki kitu kibadilike ila karatasi mbili za serikali au benki zimekuandika tofauti, unahitaji kiapo, kisha uende kurekebisha ile yenye kosa. Kama ni jina la kwenye kibao cha duka, nenda BRELA. Kama unataka kuacha jina ulilonalo na kuwa na lingine, unahitaji hati iliyosajiliwa. Na kama ni watu tu wanakuita Mama fulani, waache wakuite, ila usisaini nalo peke yake.

Mimi wiki zangu tano ziliniachia riba ya kulipa na mteja mmoja wa Ifakara ambaye mpaka leo ananidai heshima. Yule wakili alinimalizia kazi kwa nusu saa.

Wewe je, ankara zako, TIN na akaunti vinasoma jina moja? Nenda kaangalie sasa hivi, halafu rudi uniambie hapo chini umekuta nini. Usiandike namba ya NIDA wala ya akaunti hapo, jamani. Sema tu tofauti iko wapi, tusaidiane.